Kahawa ya Nshamba na mlango wa Benki Kuu

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya siku kadhaa. Nipo nyumbani Nshamba, na huku mambo yanakwenda kwa mwendo wake. Asubuhi unaingia kibanjani kuangalia migomba, mchana unakaa kwa jirani, jioni unaulizwa habari za Dar kana kwamba unaishi Ikulu. Ukishajulikana kuwa ni mwandishi wa habari, basi kila jambo lililoharibika nchini ni lazima ulieleze wewe.

Jumapili baada ya kanisa alikuja mzee mmoja jirani yetu na kopo la maziwa ya unga, lile la zamani la bati. Ndani yake hakuna maziwa. Kuna stakabadhi za kahawa za miaka ya themanini, zimekunjwa vizuri, nyingine zimeliwa pembeni na mende. Kila moja inaonyesha kilo za maganda alizopeleka, malipo ya kwanza aliyopewa, na ahadi ya malipo yaliyobaki. Mzee akazipanga mezani kama anayecheza karata, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nyie waandishi kila mwezi mnaandika mfumuko wa bei umeshuka, umepanda, umebaki palepale. Huu uliokula hela yangu ya mabati, aliupandisha nani?"

Nikamjibu haraka kama tulivyozoea kujibu vijana wa mjini: "Tata, ilikuwa vita vya Amin, mafuta yalipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika." Akatikisa kichwa. Akasema hayo anayajua, alikuwepo. Vita viliisha 1979. Mbona bei ziliendelea kupanda miaka mingine kumi na zaidi?

Nimelala na swali hilo. Leo nataka kulijibu hapa, maana ukilifuata vizuri linakupeleka kwenye jambo ambalo wanasiasa wetu hulitaja kwa maneno makubwa bila kulieleza: uhuru wa Benki Kuu. Na jibu langu ni kwamba bei alizolalamikia mzee huyu zilipandishwa kwa sehemu kubwa na kahawa yake mwenyewe. Msinirushie mawe bado, nitaeleza.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, Gavana wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, na kwa shughuli za kawaida nchi ikabaki karibu na benki moja tu ya biashara, NBC. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya sabini kukawa na Mpango wa Mwaka wa Fedha na Mikopo. Maana yake ni kwamba swali la nani akopeshwe kiasi gani halikuwa tena la meneja wa benki anayempima mkopaji. Lilipangwa juu, kulingana na malengo ya Serikali, na benki zikatekeleza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, pamoja na hiki chetu cha Bukoba, na kazi ya kununua kahawa ikahamia kwenye mamlaka ya zao, shirika la umma.

Sasa tazama safari ya shilingi moja ya mkopo wa mazao. Nitatumia hesabu ya mfano tu ili tuone mashine inavyozunguka. Msimu unafika, mamlaka haina fedha, inakopa NBC shilingi milioni 100. Katika hizo, 60 zinawafikia wakulima. Nyingine 40 zinakwenda kwenye magari, magunia, mishahara, maghala, na safari ya kahawa kutoka huku mpaka Moshi mnadani. Kahawa inauzwa nje kwa dola. Lakini dola ile inabadilishwa kwa kiwango kilichowekwa na Serikali, ambacho kilikuwa chini mno ukilinganisha na thamani halisi ya shilingi mitaani. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa karibu shilingi 17 kwa kiwango rasmi, wakati mtaani ilikuwa mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo kahawa ya dola nyingi inaleta shilingi chache. Tuseme zinarudi milioni 85. Mamlaka inabaki na deni la milioni 15, achilia mbali riba.

Katika nchi yenye benki inayoweza kukataa, hadithi ingeishia hapo. Meneja angesema lipeni kwanza zile 15. Lakini msimu mpya unafika, maganda yameanikwa kwenye majamvi Muleba nzima, na gharama zimepanda, sasa zinahitajika milioni 110. NBC inafanya nini? Inakopesha. Lile deni la zamani linawekwa juu ya jipya. Mwaka wa tatu tena, wa nne tena. Na kwa kuwa NBC yenyewe haina chemchemi ya fedha, inapopungukiwa inakwenda Benki Kuu. Benki Kuu inaipa. Na Benki Kuu, ndugu msomaji, ndiyo taasisi pekee nchini inayoweza kutoa noti ambazo jana hazikuwepo.

Hapo ndipo mlango ulipo. Mkopo uliorejeshwa haupandishi bei kwa namna hii: fedha zilitoka, kahawa ikauzwa, fedha zikarudi na kufutika. Tatizo ni ile hasara, zile 15 zisizorudi. Zinabaki mitaani milele, zikitafuta sukari na sabuni ambazo hazijaongezeka. Zidisha kwa pamba, korosho, mahindi, katani, na viwanda vya umma vilivyokuwa vikiendeshwa kwa mtindo huohuo, halafu ongeza nakisi ya bajeti yenyewe. Ndiyo maana bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya miaka ya themanini, muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza Kyaka.

Je, Gavana angeweza kukataa? Hili ndilo swali langu la msingi. Hebu jiweke kwenye kiti chake. Kahawa wakati ule ilikuwa inaongoza kutuletea fedha za kigeni. Ukikataa kuipa NBC fedha, kahawa ya Nshamba hainunuliwi. Isiponunuliwa, haitakaa kwenye majamvi ikisubiri uchumi urekebishwe. Itavuka kwenda Uganda usiku kwa magendo, na wazee wa huku wanaijua hiyo njia kuliko mimi. Nchi inakosa dola za mafuta na dawa. Simu inalia kutoka juu. Unatoa. Gavana mwenye msimamo wa chuma naye angetoa, kwa sababu bei ya mkulima ilitangazwa na Serikali, kiwango cha dola kiliwekwa na Serikali, idadi ya wafanyakazi wa mamlaka iliamuliwa na Serikali, na yeye alibaki kuwa mtu wa mwisho kwenye mstari, anayeletewa bili baada ya wengine kula.

Yupo aliyejaribu kuzuia, ingawa hakuwa kwenye kiti cha Gavana tena. Mtei alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1979. Alijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo moja ya masharti yake lilikuwa kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere alikataa, na Mtei akajiuzulu. Watu hubishana hadi leo nani alikuwa sahihi, na mimi nakiri kwamba masharti yale yangeumiza. Lakini angalia funzo lililojificha: mjadala wote ulikuwa kati ya Rais, Waziri na wageni. Benki Kuu kama taasisi yenye sauti yake haikuwa mezani.

Sasa turudi kwenye kopo la mzee.

Alinionyesha stakabadhi moja ambayo malipo ya mwisho, yale tuliyoyaita majaliwa, yalikuja mwaka mzima baada ya kupeleka kahawa. Tukachukua penseli. Bei zikipanda asilimia 30 kwa mwaka, shilingi 100 ulizoahidiwa leo na kulipwa mwakani zinanunua vitu vya shilingi 77 za leo. Zikichelewa miaka miwili zinanunua vya 59. Hakuna aliyekuja na karatasi ya kodi. Hakuna Mbunge aliyepiga kura. Lakini mzee ametozwa shilingi 23 kwa kila 100 kwa kusubiri tu. Mabati aliyokuwa akiyataka yalikuwa yanamkimbia kila akikaribia, na alipopata fedha za mabati ishirini akakuta zinatosha kumi na tano.

Mwenye gari la mizigo Bukoba mjini hakuumia hivyo. Yeye alishika bidhaa, si noti. Mwenye jamaa ofisini alipata dola kwa bei rasmi. Aliyeumia ni yule anayeuza mara moja kwa mwaka, analipwa kwa noti, tena kwa awamu. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema mfumuko wa bei ni shida ya wenye mabenki na kwamba mnyonge hufaidika Serikali inapochapa fedha. Huku kwetu kuna kitu kinaitwa butura, kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto ana ada au kuna msiba. Sababu za butura ni nyingi, umaskini ukiwa wa kwanza. Lakini mtu anayejua kuwa ahadi ya shilingi inaoza kama ndizi mbivu, unamlaumuje akichukua kidogo leo?

Tuje miaka ya tisini. Huku ndiko mambo yalikobadilika, na yalibadilika kwa namna ambayo vitabu vya sheria pekee haviielezi.

Mwaka 1994 hali ilikuwa mbaya. Misamaha ya kodi ilitolewa ovyo, makusanyo yakaanguka, wafadhili wakakasirika na kusimamisha misaada mwishoni mwa mwaka. Pengo likazibwa kwa njia ileile ya zamani, kukopa Benki Kuu. Mfumuko ukapita asilimia 30. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria mpya ya Benki Kuu. Kabla ya hapo benki ilikuwa imebebeshwa malengo mengi kwa pamoja: ukuaji, ajira, maendeleo vijijini, utulivu wa shilingi. Mtu mwenye mabosi kumi huwa hana bosi, lakini pia huwa hana hoja ya kumkatalia yeyote. Sheria ya 1995 ikaipa lengo moja kuu: bei zisiyumbe. Na ikaweka kikomo cha kiasi ambacho Hazina inaweza kukopa hapo.

Ukisoma hivi unadhani sheria ndiyo iliyoponya. Lakini sheria ilikuwepo 1995 na mfumuko wa mwaka huo ulikuwa bado karibu asilimia 27. Dawa iliyofanya kazi ilianza 1996, Rais Mkapa akiwa ameingia madarakani: bajeti ya fedha taslimu. Jina kubwa, lakini mama yeyote wa genge anaielewa. Hazina inatumia mwezi huu kile kilichokusanywa, basi. Hakuna kilichokusanywa, hakuna hundi. Mamlaka ya Mapato ikaanza kazi Julai mwaka huohuo ili kikusanywe zaidi. Hazina na Benki Kuu wakawa wanaangalia pamoja kilichoingia kabla ya kuruhusu kitoke. Kufikia 1999 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 10, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ukawa karibu na 5.

Haikuwa bure, na wanaoisifu bajeti ile kwa kawaida hawakuwa wakifundisha shule za vijijini wakati huo. Mishahara na madeni vililipwa kwanza. Kilichobaki, kama kilibaki, ndicho kiligawanywa kwa chaki, dawa, mafuta ya gari la wagonjwa na barabara. Idara ilipanga mwaka mzima na kupata fungu la miezi minne. Nimesoma darasani tukiwa watano kwa kitabu kimoja, na sasa nikisoma historia hii najiuliza ni kwa kiasi gani kitabu changu kiliishia kwenye grafu nzuri ya mfumuko wa bei. Kwa hiyo mtu akikuambia kudhibiti bei ni suala la kitaalamu tu, lisilo na siasa, mwambie kuna mtu siku zote anaachwa bila kitabu. Siasa ni kuchagua nani.

Mlango wa pili ndio uliofungwa huku kwetu, na huu hausemwi kabisa. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo. Anayenunua kahawa sasa akipata hasara ni hasara yake na benki yake, na benki yake inaweza kumkatalia msimu ujao. Ile milioni 15 haikupata tena njia ya kupanda ngazi mpaka Benki Kuu. Wanunuzi wale walikuwa na mambo yao, mizani ya wengine ilijulikana kwa ulegevu, sina haja ya kuwapamba. Lakini nasema hivi: uhuru wa Benki Kuu ulijengwa kwenye kituo cha kununulia kahawa Muleba kama ulivyojengwa ofisini Dar es Salaam. Gavana akapata uwezo wa kukataa kwa sababu watu wengi waliacha kumwendea.

Mzee alinikatiza hapa. "Kwa hiyo sasa imefungwa?"

Hapo nikasita, na naomba nisite mbele yenu pia.

Tuna sheria ya 2006 iliyochukua nafasi ya ile ya 1995. Lengo kuu bado ni bei. Ilipotungwa iliweka kikomo cha mkopo wa Hazina kuwa moja ya nane ya mapato ya Serikali, yaani kama makusanyo ya mwezi mmoja na nusu. Hiyo ni ngao, lakini ni ngao iliyoandikwa kwenye sheria ya kawaida. Serikali yenye wabunge wengi inaweza kuibadilisha namba hiyo wakati wa bajeti ya Juni, katikati ya vifungu vya ushuru wa bia na soda, na sisi waandishi tukawa bize na bia. Gavana huteuliwa na Rais, kwa kipindi cha miaka mitano kinachoweza kuongezwa mara moja. Katibu Mkuu wa Hazina anakaa kwenye bodi ya benki. Januari 2023 aliyeteuliwa kuwa Gavana alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kiti cha Katibu Mkuu wa Hazina. Simsemi mtu kwa ubaya, na bei baada ya hapo zilitulia. Nasema utaratibu: mkopaji mkuu wa jana anakuwa mlinzi wa ghala leo, na hakuna kamati ya Bunge inayomhoji hadharani kabla hajaapishwa. Mimi ningetaka ihojiwe, tena mbele ya kamera.

Wapo wanaosema tuandike uhuru huo kwenye Katiba tumalize kazi. Nawaambia wavuke Mutukula wakaulize. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 162, inasema Benki ya Uganda haitakuwa chini ya maelekezo ya mtu au mamlaka yoyote. Maneno safi kabisa. Gavana wao alikuwa Emmanuel Tumusiime-Mutebile, mtu aliyesaidia kuangusha mfumuko wa Uganda miaka ya tisini akiwa Hazina, asiye mwoga. Mwaka 2011 ndege za kivita kutoka Urusi zilinunuliwa kwa dola zaidi ya milioni 700 zilizotoka kwenye akiba, huku ukiwa mwaka wa uchaguzi, na Mutebile mwenyewe akaliambia gazeti la Financial Times kwamba alimshauri Rais Museveni asifanye hivyo. Oktoba mwaka huo mfumuko wa Uganda ukapita asilimia 30. Si ndege tu, ukame na bei za chakula vilichangia sana. Baada ya hapo benki ikafanya kazi yake: riba yake iliyoanza asilimia 13 mwezi Julai ikapandishwa mpaka 23 mwezi Novemba, wafanyabiashara wa Kampala wakapiga kelele, na mwaka uliofuata bei zikashuka. Yaani ibara ya 162 haikuzuia fedha kutoka. Ilichofanya ni kumwachia Gavana nafasi ya kusema hadharani na kusafisha baadaye, kwa gharama ya wakopaji.

Sisi pia mwaka huo tulifika asilimia 19.8 mwezi Desemba, na hapa lazima niwe mkweli kwa benki yetu: sehemu kubwa ilikuwa chakula, umeme wa mgawo na mafuta. Gavana haoteshi mahindi. Ukitaka kujua kama bei zinapanda kwa ukame au kwa fedha kuzidi, angalia vitu viwili. Kwanza, je, ni vyakula na mafuta peke yake vinapanda, au hata kunyoa nywele, kodi ya chumba na fundi cherehani? Ukame haupandishi bei ya kinyozi kwa haraka. Pili, fungua taarifa ya mwezi ya uchumi ya Benki Kuu, nenda kwenye jedwali la fedha, tazama mstari wa madai ya Benki Kuu kwa Serikali. Ukiona mstari huo unavimba miezi mfululizo wakati huohuo kinyozi anapandisha, hapo pana harufu ya miaka ya themanini.

Na jambo ninaloliangalia kwa jicho la karibu zaidi ni hili, maana linatugusa hapa. Mwaka 2018 Serikali iliwaondoa wanunuzi binafsi mashambani, kahawa ikarudi kuuzwa kupitia vyama vya ushirika. Mwaka 2021 Benki Kuu ikatangaza mkopo maalumu wa shilingi trilioni 1 kwa mabenki, kwa riba ya asilimia 3, ili nayo yakopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10. Kilimo kilikuwa miongoni mwa waliolengwa. Mkulima anayekopa kwa 15 au zaidi atashangilia kukopa kwa 10, na mimi nitashangilia naye. Wala sisemi tumerudi 1980. Mfumuko haukuvuka asilimia 5 miaka iliyofuata, kiasi kilijulikana, na anayebeba hasara ni benki iliyokopesha, si Benki Kuu. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo kila kitu. Siku utakaposikia madeni ya msimu yameongezewa muda "kwa maslahi ya mkulima", kisha yakaongezewa tena, kisha dhamana ya Serikali imeingia katikati, basi zile 15 zimeanza kupanda ngazi upya.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza kwa riba yake yenyewe, ilianza na asilimia 5.5, ikaenda 6, na Julai 2025 ikashushwa kuwa 5.75. Magazeti yetu huandika namba hiyo ukurasa wa mbele. Ningependa mstari wa madai kwa Serikali nao uandikwe hapohapo pembeni, na kikomo chake cha kisheria, kila mwezi, kama tunavyoandika bei ya petroli.

Nilimweleza mzee yote haya kwa Kihaya changu kilichochanganyika na Kiswahili, nikimchorea mishale nyuma ya bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama wale waliokopa zile fedha na kutorudisha waliwahi kushitakiwa. Nikasema madeni mengi ya vyama na mashirika ya mazao yalikuja kubebwa na Serikali wakati wa kusafisha mabenki.

"Serikali ni nani?" akauliza.

Nikacheka, yeye hakucheka. Akakusanya stakabadhi zake moja moja, akazirudisha kwenye kopo, akafunga mfuniko kwa kiganja. Mlangoni akageuka akasema mwaka huu kahawa yake ataipeleka chamani, lakini atataka kulipwa yote siku hiyohiyo.